Vidio Isiyotaka Kufa

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, mimi na mwenzangu wa kamera hukaa kejani kwake Kawangware tukiamua vidio zipi za zamani zibaki, zipi zitengenezwe upya na zipi zipumzishwe. Chaneli yetu ni ndogo. Tunapiga stori za Kibera na Kawangware, mitaa miwili ambako tumeishi maisha yetu yote. Watu hudhani kazi hii ni kuangalia tu namba zilizoshuka na kufuta. Si hivyo. Karibu kila vidio hushuka. Swali ni imeshuka kwa nini.

YouTube Studio hukuonyesha ngazi tatu, na watazamaji hupotea katika mojawapo. Ya kwanza ni Impressions: mara ngapi picha ya mbele ya vidio yako ilionyeshwa kwa mtu. Ya pili ni kati ya walioonyeshwa, wangapi walibonyeza. Ya tatu ni waliobonyeza walikaa hadi dakika gani. Ukijua ni ngazi gani imevunjika, utajua fundi wa kuita.

Tuna vidio ya Julai 2018, wakati nyumba Kibera zilipobomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Wiki ya kwanza ilipaa, wiki ya pili ikabaki nusu, wiki ya tatu nusu ya hiyo nusu, kisha ikalala. Ngazi iliyovunjika ni ya kwanza: haionyeshwi tena kwa sababu hakuna anayeitafuta. Habari hufa hivyo na hakuna dawa. Kuipandisha upya ni kusumbua watu.

Lakini haijafa kabisa. Mei 2024, baada ya mafuriko, serikali ilipobomoa nyumba kandokando ya mito kule Mathare na Mukuru, grafu yake iliinuka tena kwa siku kadhaa. Kwenye komenti wengine walikuwa wanauliza hizo tingatinga ziko upande gani leo. Walidhani ni picha za asubuhi hiyo. Kwa hivyo hatukuitoa, maana ni kumbukumbu ya mtaa. Tuliongeza mwaka mwanzoni mwa kichwa na kwenye mstari wa kwanza wa maelezo. Kazi ya dakika mbili.

Ya mzee wa mutura pale Kawangware 46 ilikuwa na ugonjwa mwingine. Ilikuwa bado inaonyeshwa kama zamani, lakini walioibonyeza walishuka kutoka watano kwa kila mia hadi wawili. Walioingia walikaa hadi mwisho. Maana yake nyama ilikuwa tamu ila kibanda kilikuwa na giza. Tulibadilisha picha ya mbele: badala ya stendi yote kwa mbali, tukaweka kisu, moshi na mkono wa mzee. Tukaandika kichwa upya. Kisha tukangoja siku 28 kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu ukibadilisha vitu vitatu kwa wiki moja hutajua ni kipi kilisaidia. Walirudi wanne kwa mia. Hiyo ndiyo tunaita kusasisha: linki ni ileile, komenti ni zilezile.

Kupandisha upya ni jambo zito zaidi. YouTube haikuruhusu kutoa faili ya zamani na kuweka mpya ndani ya linki ileile. Ukipandisha, unaanza sifuri: watazamaji sifuri, komenti sifuri, na kila linki iliyosambazwa WhatsApp inaelekea kwa ile ya zamani. Kwa hivyo tunafanya hivyo tu pale ngazi ya tatu imevunjika, watu wanakuja na wanatoka mapema kwa sababu tunachosema kimechacha.

Halafu kuna ile iliyotukosanisha.

Mwaka 2021 tulirekodi vidio ya dakika sita ya jinsi ya kulipa NHIF kwa simu. Mama mmoja wa Kibera anaeleza kwa nini kadi ilimsaidia kliniki, kisha tunaonyesha hatua moja baada ya nyingine, shilingi 500 za mwezi kwa asiyeajiriwa. Haikupaa hata siku moja, lakini pia haikushuka. Ilikuwa na watu kama 900 kila mwezi, wengi kutoka YouTube search, na kila mtu alikaa wastani wa dakika nne. Piga hesabu: dakika 3,600, yaani saa 60 kwa mwezi, saa 720 kwa mwaka.

Oktoba 1, 2024, SHA ikachukua nafasi ya NHIF. Sasa unajisajili upya, kwa mfano kwa *147#, na asiye na mshahara hupimwa kulingana na hali ya nyumba yake, kisha hulipa mchango wa mwaka mzima. Zile shilingi 500 za kila mwezi zimekwisha. Vidio yetu ikawa ya uongo usiku mmoja, na grafu haikutikisika. Watu walizidi kuja kwa sababu walizidi kuandika neno walilolizoea.

Wakati huo tulikuwa na saa 4,210 za mwaka, na kuomba kulipwa kwa matangazo kunataka saa 4,000 za vidio zilizo wazi kwa umma. Vidio ukiifuta au ukiifanya Private, saa zake hazihesabiwi. Toa 720, tunabaki na 3,490.

"Buda, ngoja tulipwe kwanza," mwenzangu akasema. "Andika tu kwa kichwa kuwa ni ya zamani."

Hakuwa mtu mbaya. Kodi yake ilikuwa imechelewa. Tukakubaliana tujaribu njia yake: tukaandika IMEPITWA NA WAKATI kwa kichwa, tukabandika komenti juu kabisa, tukangoja. Baada ya siku 28 grafu ya dakika ikajibu. Watu walikuwa bado wanaruka hadi dakika ya tatu, pale hatua zinaanzia, na wanarudia hapo mara mbili mbili. Mtu hufanya hivyo akiwa na simu nyingine mkononi, anafuata. Kichwa hawakukisoma. Wengine walitoka WhatsApp, ambako linki ilitumwa na mtu wa chama miaka mitatu iliyopita.

Unlisted haingesaidia, maana mwenye linki bado angeiona. Private ingewaachia ukuta mtupu. Tulifanya la tatu: kwenye kihariri cha YouTube unaweza kukata kipande cha vidio bila linki kubadilika, ingawa huwezi kuongeza kipya. Tukakata hatua zote. Alibaki mama na hadithi ya kliniki, chini ya dakika mbili, na komenti ya juu inayopeleka kwa vidio mpya ya SHA, ambayo sasa tunaandika tarehe yake ndani ya sekunde kumi za kwanza.

Saa zilianza kushuka, kama tulivyojua. Mwezi uliofuata vidio hiyo ilituletea saa 19 badala ya 60. Ile mpya bado inatambaa. Mwenzangu alichukua kazi ya kupiga picha za harusi mbili ili alipe nyumba, na Jumapili hiyo alikuja na daftari lenye safu mpya aliyoichora mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Juu yake aliandika: "Bado ni kweli?" Safu hiyo tunaijaza kwanza siku hizi, kabla ya kufungua grafu yoyote.