Mlinzi wa Pacha

Kila usiku saa nane, mwaka mzima, programu ndogo iliamka kwenye seva ya mradi wetu, ikatafuta watoto wawili wenye namba moja, ikawakosa, ikalala tena. Jina lake lilikuwa `tafuta_pacha.sh`. Faili lake la kumbukumbu lilikuwa na mistari 365, na kila mstari ulikuwa na tarehe na sifuri.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na sehemu ya ada yangu hutokana na kuitunza seva hiyo. Mradi unafuatilia afya ya watoto wadogo vijijini. Kila mtoto ana namba, na chini ya namba hiyo kuna uzito wake, urefu wake na kiwango chake cha damu. Tulipokuwa tukijiandaa kuhamia seva mpya, niliambiwa niorodheshe kila kazi inayojiendesha yenyewe na kueleza ipi ihame na ipi iachwe. Kuihamisha hii kungechukua dakika tano. Lakini ilitumia akaunti yake yenye nywila, na akaunti hiyo iliruhusiwa kusoma majina ya watoto wote. Kazi isiyo na faida inayobeba ufunguo wa namna hiyo si kitu cha kuhamisha kwa mazoea.

Moyo wa programu ulikuwa swali hili moja:

```
SELECT namba, count(*) FROM watoto
GROUP BY namba HAVING count(*) > 1;
```

Maana yake: wapange watoto kwa namba zao, kisha nionyeshe namba yoyote iliyotokea zaidi ya mara moja.

Sifuri inaweza kutoka kwa mlinzi aliyekesha asimwone mwizi, na inaweza kutoka kwa mlinzi kipofu. Ukitazama faili la kumbukumbu peke yake huwezi kuwatofautisha. Kwa hiyo nilitengeneza nakala ya hifadhidata kwenye kompyuta ya majaribio, nikaongeza mtoto wa kubuni na kumpa namba ya mtoto mwingine. PostgreSQL ilikataa, ikaniandikia `duplicate key value violates unique constraint`. Hapo ndipo nilipoelewa sifuri zile zilikotoka. Kuna mtu aliyekuwa ameweka kufuli mlangoni: safu ya namba ilikuwa na sharti la `UNIQUE`, na namba iliyojirudia haikuweza hata kuingia. Niliondoa sharti hilo kwenye nakala, nikamwingiza mtoto wangu wa kubuni, nikaiendesha programu. Ikamkamata papo hapo. Mlinzi alikuwa anaona vizuri, ila alikuwa amekaa ndani ya nyumba iliyofungwa.

Lakini je, kufuli na mlinzi walikuwa wanazuia kitu kilekile? Sivyo kabisa. Kwa PostgreSQL, pengo tupu, yaani `NULL`, halihesabiwi kuwa sawa na pengo jingine, kwa hiyo sharti la `UNIQUE` lingewaruhusu hata watoto kumi wasio na namba. Swali letu lenyewe huyakusanya mapengo yote katika kundi moja, na wakifika wawili lingepiga kelele. Kumbe mlinzi alikuwa bado na dirisha moja la kulinda. Kabla ya kumwondoa, nililifunga:

```
ALTER TABLE watoto ALTER COLUMN namba SET NOT NULL;
```

Amri hiyo hukagua safu nzima na hugoma ikikuta pengo hata moja. Haikugoma. Sasa kila ambacho programu ingeweza kukipata, hifadhidata yenyewe ingekikataa mapema zaidi, mbele ya macho ya aliyekuwa anaingiza.

Lilibaki swali gumu zaidi: nani anaitegemea? Mtu anaweza kutegemea kazi isiyopata chochote. Huenda kuna programu nyingine inayosubiri faili lake lisasishwe ndipo ianze, au karani anayelifungua asubuhi ili ajue seva imeamka salama. Nilitafuta jina lake kila mahali ambapo ratiba na programu zetu hukaa:

```
grep -rl tafuta_pacha /etc /var/spool/cron /home
```

Nilitafuta hivyohivyo jina la faili la kumbukumbu. Hakuna aliyewataja isipokuwa ratiba yake yenyewe na programu yenyewe. Kisha nikatazama kwa `stat` faili lilisomwa lini mara ya mwisho: saa tisa usiku. Siku iliyofuata, saa tisa tena. Huyo alikuwa programu ya kunakili akiba. Hata hivyo ushahidi huo ulikuwa na kasoro. Kwa kawaida Linux huipunguzia diski kazi kwa kuandika saa ya usomaji wa kwanza tu tangu faili lilipobadilika. Msomaji wa pili siku hiyohiyo haonekani. Akiba ikishasoma saa tisa, karani wa saa mbili asubuhi hawezi kuacha nyayo. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa imefika mwisho wa ushahidi wake, na ikabidi niwaulize watu.

Makarani wote watatu walisema hawalijui. Anwani ya barua pepe iliyopaswa kupokea taarifa ilikuwa ya meneja wa takwimu aliyeondoka zamani. Nilimpigia simu.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba mdogo wangu. Ile pacha bado ipo?”

Nilimweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akanisimulia ilivyozaliwa. Zamani wahojaji walipewa madaftari ya namba, na madaftari mawili yakachapwa kwa namba zilezile. Watoto wawili wa vijiji tofauti wakawa mtu mmoja kwenye kompyuta. Mama mmoja akasomewa majibu ya damu ya mtoto wa mwenzake, akaambiwa mwanawe hana neno. Hakuwa mzima. Walipogundua, dada huyu alirudi kijijini mwenyewe kumtafuta mama yule. Jioni hiyo akaiandika programu. Kufuli la `UNIQUE` lilikuja baadaye, fomu za simu zilipoanza kutoa namba zenyewe, na ni yeye pia aliyeliweka.

“Mbona hukuiondoa wakati ule?” nikamuuliza.

“Nilikuwa naogopa. Wewe umehakikisha?”

Nikamsomea jaribio la nakala na suala la mapengo. Akaniuliza jambo moja tu: ripoti ya robo mwaka hutengenezwa vipi? Alitaka kujua kama nitasubiri muda wa kutosha. Ukizima kazi kwa wiki mbili, utasikia kilio cha wanaoihitaji kila siku. Anayeihitaji mara moja kwa miezi mitatu atakuwa bado amelala.

Kwa hiyo sikuifuta. Niliweka alama ya `#` mbele ya mstari wake kwenye ratiba, pamoja na tarehe na jina langu, nikawaandikia wote kwenye mradi. Tukasubiri hadi ripoti ya robo mwaka ikatoka na wiki mbili zikapita juu yake. Hakuna aliyeuliza. Ndipo nilipoufuta mstari, nikaiondolea akaunti yake ruhusa zote na kuifunga kwa `DROP ROLE`, na ule ufunguo wa majina ya watoto ukawa umekufa. Programu yenyewe imebaki kwenye historia ya `git`, atakayeitaka ataikuta.

Katika maelezo ya ufutaji sikuandika kwamba haikupata kitu kwa mwaka mzima. Hiyo ilikuwa dalili tu. Niliandika kilichokuwa kinalindwa, kinachokilinda sasa, na kwamba siku yoyote mtu akitaka kuondoa `UNIQUE` au `NOT NULL` kwenye safu ya namba, kwanza amrudishe mlinzi. Chini yake nikaongeza sentensi moja kuhusu mama yule na majibu yasiyo yake, kwa sababu atakayekuja baada yangu ataliona kufuli, lakini hatajua liliwekwa kwa ajili ya nani.