Simba wa Zizini

Mbwa wangu wa kwanza, Tomi, nilimharibu mwenyewe. Nilimleta nyumbani Nyakoe akiwa na miezi mitano, tukamlea mlangoni pa jikoni. Watoto walimpa makombo na kumfundisha kufukuza mpira. Usiku mmoja mbwa koko waliingia zizini wakaua mbuzi wawili. Tomi alikuwa kibarazani akibweka, mgongo kaupa mlango wetu. Kwa hesabu yake alifanya kazi vizuri: aliwalinda watu wake. Mbuzi hawakuwa miongoni mwao.

Daktari wa mifugo aliyekuja asubuhi ndiye aliyenifungua macho. Alinieleza kwamba mtoto wa mbwa huwatambua jamaa zake kati ya wiki ya 3 na ya 16 hivi. Anaoishi nao wakati huo ndio atakaowaona kuwa wake. Akanitajia Namibia, ambako tangu 1994 shirika la kuhifadhi duma limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wakubwa wenye asili ya Uturuki walinde mbuzi. Kwa shamba langu la ekari moja na nusu, akasema, mbwa wa kienyeji anatosha, mradi nianze mapema.

Basi Simba nilimchukua akiwa na wiki saba, nikampeleka moja kwa moja zizini. Nilikuwa nimemtengea pembe moja kwa fito, mianya ikiwa ya kumpitisha yeye tu. Mbuzi mzima akimpiga pembe, alijipenyeza humo akapumua. Humo ndimo alimolala juu ya gunia, na ndimo alimokulia ugali laini uliochanganywa na maziwa na dagaa, mara tatu kwa siku. Wenzake wa kwanza walikuwa wanambuzi watatu walioachishwa kunyonya, kwa kuwa mbuzi wazima humwogopa mbwa au humuumiza. Baada ya wiki mbili nilimkuta asubuhi kalala katikati yao, kidevu juu ya mgongo wa mmoja.

Kazi ngumu ilikuwa kuwazuia watoto. Mke wangu alinilaumu: “Baba, huyu mbwa umemfanya yatima.” Lakini sikumnyima mkono kabisa. Kila siku nilimshika masikio, midomo na miguu kwa dakika chache, nikamzoesha kamba, kwa sababu mbwa asiyeshikika hachanjwi. Alipofika miezi mitatu alichanjwa kichaa cha mbwa, na tangu hapo huchanjwa kila mwaka.

Alipofika miezi saba nilikaribia kukata tamaa. Niliona mwanambuzi mmoja sikio lake limelowa mate na limechubuka. Nikajibanza nyuma ya migomba nitazame. Simba aliinamisha kifua, akatikisa mkia, kisha akamkimbiza mwanambuzi na kumng'ata sikio. Ulikuwa mchezo tu, lakini mwanambuzi anayekimbizwa kila siku anaweza kufa, na mbwa aliyeonja raha hiyo bila kukatazwa haiachi kwa urahisi. Jirani alinishauri nimchape. Badala yake niliwahamishia wadogo banda jingine, nikamwacha na majike wakubwa na beberu mmoja mwenye pembe nene. Shingoni nilimning'inizia kigogo kifupi kilichogonga magoti yake kila alipotaka kukimbia. Beberu alimtupa chini mara mbili siku ya kwanza. Nilipomkuta amesahau na kuanza tena, nilimkaripia papo hapo, si baadaye. Kigogo nilikivua baada ya wiki tano, na wadogo nikawarudisha mmoja mmoja nikiwa nimesimama pale.

Kosa langu jingine lilikuwa kumtupia kichwa kibichi cha mbuzi tuliyemchinja sikukuu. Baadaye jike mmoja alianza kuzunguka upande mmoja tu, kichwa kimeinama, akigonga ukuta. Tulipomchinja tulikuta kifuko cha maji ndani ya ubongo. Sikuweza kuthibitisha kwamba kilitoka kwa Simba, lakini daktari alinionyesha njia: mbwa hula kifuko hicho, hupata tegu, mayai hutoka na kinyesi, mbuzi huyala kwenye majani. Tangu hapo Simba hali kichwa wala matumbo mabichi, na hupewa dawa ya tegu kila miezi mitatu kwa uzito wake.

Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, mbwa koko walirudi. Nilitoka na tochi nikakuta mbuzi wamejikusanya pembeni na Simba yuko mbele yao, anabweka bila kusogea. Koko walipokimbia, aliwafuata mpaka kwenye ua wa matete, akageuka, akarudi kuwanusa mbuzi mmoja baada ya mwingine.

Leo ana miaka sita. Wewe unayetaka mbwa kama huyu, usianze kwa kutafuta mtoto wa mbwa. Anza kwa kujenga ile pembe zizini, kisha uwaambie watoto wako kwamba huyu si mbwa wao.