Robo, Kabla ya Jina

Ninauza nyama katika Soko la Burma, pale Barabara ya Jogoo karibu na Uwanja wa City, kibanda nilichoachiwa na mjomba wangu. Nayaeleza haya kwa sababu najua yuko mwanamume mwingine, pengine kibanda cha tatu kutoka changu, ambaye mke wake ni mjamzito na yeye hathubutu kuitaja mimba hiyo kwa sauti. Nilikuwa kama yeye.

Mimba yetu ya kwanza tuliifurahia mapema. Skani ilipoonyesha kwamba ni msichana, hatukuwa na la kujadili. Kwetu sisi Wakikuyu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba, basi tangu jioni ile mke wangu akawa anaita tumbo lake kwa jina la mama yangu. Mama akipiga simu kutoka Murang'a alikuwa akiuliza, "Leo nimeamkaje?" akijiulizia yeye mwenyewe aliye tumboni. Tulicheka sana na simu hizo.

Mimba ikatoka ilipokuwa katika mwezi wa tano.

Watu walitupa pole na tukapoa kidogo kidogo, lakini jina halikupoa. Mama bado alikuwa hai na bado alikuwa na jina lake. Shangazi akija akalitaja kwa salamu tu, mke wangu alitoka nje kuanua nguo hata kama hazijakauka. Mama mwenyewe alihisi, akapunguza simu, mwisho akaacha kabisa kumtafuta mke wangu. Mimi niliona yote hayo na sikusema neno. Nilijiambia kwamba wakati utatengeneza.

Mke wangu aliposhika mimba tena, niliamua safari hii hatutaita chochote. Nikiulizwa nilisema "hiyo hali". Sikununua hata soksi. Siku za kliniki nilikuwa na kazi. Usiku nikiingia nilimsikia akinong'ona na tumbo lake, na mlango ukilia tu ananyamaza. Niliuita mwenendo wangu busara, na wazee kadhaa waliniunga mkono, kwa kuwa hata zamani watu hawakupenda kupiga mbiu juu ya mimba. Tofauti ni kwamba wazee walinyamaza mbele ya wageni. Mimi nilimnyamazia mke wangu.

Aliyenitoa hapo ni shosho mmoja Mjaluo anayeuza matumbo upande wa pili wa kijia. Sikuwa nimemfanyia wema wowote. Tulikuwa tumegombana hata juu ya maji machafu yanayopita mbele ya vibanda vyetu. Asubuhi moja alikuja kuazima kisu, akasimama.

"Mke wako ana miezi mingapi?"

"Bado, shosho."

"Bado nini? Nimezaa, nina macho. Mnamwitaje?"

"Hatumwiti. Tuliwahi kuita, tukajuta."

Nikajikuta nimemweleza yote, visu mkononi, na wateja wanasubiri. Hakunipa pole. Alisema, "Mlimpa jina la mtu. Jina la mtu lina mwenyewe. Huyu mpeni la mchezo, akifika mnalitupa."

Akanieleza kwamba kwao jina lenyewe halijulikani kabla mtoto hajatoka, maana mara nyingi linafuata saa: wa usiku ni Otieno au Atieno, wa asubuhi ni Okinyi au Akinyi, wa jua kali ni Ochieng' au Achieng', wa mvua ni Okoth au Akoth. Miezi yote tisa jina halisi halipo, kwa hiyo mtoto akiitwa upuuzi wowote hakuna anayeibiwa kitu. Baadaye nilitambua kwamba hata majirani zetu Waislamu wa Majengo wengi husubiri siku ya saba, siku ya akika. Ni sisi tuliokuwa tunalijua jina mapema mno, na ndiyo maana lilipata muda wa kutuumiza.

Nilimpelekea mke wangu habari hiyo kwa woga. Alinitazama kwa muda, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: kwamba alikuwa tayari anamwita kwa siri, kila siku jina tofauti, ili asizoee hata moja. Nilikaa kitandani nikakosa la kusema. Ndipo tukaanza kuchagua.

Haikuwa rahisi, na mtu asidhani jina la mchezo ni la kuokota tu. Dada yake alitaka Kadogo. Tukakataa, kwa sababu kila mtaa wa Eastlands una Kadogo wake mwenye ndevu na mgongo mpana. Jina likiwa tamu na linamfaa mtu mzima, haling'oki. Soko letu ni ushahidi. Wazee husema liliitwa Burma kwa sababu ya askari wa KAR waliorudi kutoka vita vya huko miaka ya 1940. Nchi yenyewe ilibadilisha jina rasmi ikawa Myanmar mwaka 1989, nasi bado tunapanda matatu ya Burma. Kaloleni nayo itabaki Ololo mpaka Yesu arudi.

Nikapendekeza Nundu, mzaha wa buchani. Mke wangu hakucheka, na alikuwa na haki: hilo lilikuwa jina la mwili wake yeye, mtoto hakuwamo. Bosi likakataliwa kwa kuwa linamfanya mtoto kuwa mvulana kabla hatujajua, na safari hii tulikuwa tumemwomba mpiga skani asituambie. Lolote lililofanana na majina ya wazazi wetu wanne liliondoka bila mjadala, hata likifupishwa.

Jioni moja alikuja kibandani kuniletea chakula, akakuta nampimia mtoto wa jirani nyama ya shilingi chache. Nikauliza kwa mazoea, "Robo?" Mke wangu akashika tumbo akasema, "Ndiyo, robo." Tukatazamana.

Nililipenda jina hilo kwa sababu ambayo mtu wa mizani ataielewa haraka. Robo kilo ni gramu 250, na mtoto tumboni hufikia uzito huo karibu na wiki ya 19 au 20, palepale tulipokuwa. Lilikuwa la kweli kwa siku chache tu. Karibu na wiki ya 22 au 23 anakuwa nusu, wiki ya 27 au 28 anagusa kilo, na anayezaliwa kwa wakati wake huwa na kilo tatu hivi. Basi jina lilikuwa na mwisho wake ndani yake. Kila wiki lilizidi kuwa uongo, na kadiri lilivyokuwa uongo ndivyo tulivyofurahi. Halikuwa la kiume wala la kike, na mama mkwe aliweza kulitamka bila meno yake ya mbele.

Tulipatana jambo moja zaidi, na hili nalisema polepole kwa aliye katika hofu. Tulikubaliana kwamba yakitokea kama ya kwanza, Robo ataondoka na jina lake, hatutampa mwingine, na jina la mama litabaki zima halijaguswa. Kulisema wazi kulikuwa kugumu kuliko kuchagua. Lakini tulipolisema, nililala.

Sikubadilika mara moja. Kabla mwezi wa tano haujaisha nilirudia "hiyo hali" mara kadhaa, na mke wangu hakunisahihisha. Aliuliza tu asubuhi, "Robo anakuaga, humjibu?" Kule sokoni ndiko nilikoanza kulitamka bila kujikwaa, kwa kuwa shosho wa matumbo alipiga kelele kutoka ng'ambo kila nilipofungua: "Robo ana ngapi leo?" Nilianza kwenda kliniki. Skani ya mwisho ilikadiria uzito, nami nikabishana na mhudumu kama mteja mkorofi. Akanieleza kwa subira kwamba mashine haipimi, inakokotoa kutokana na vipimo vya kichwa, tumbo na mfupa wa paja, na inaweza kukosea kwa asilimia 10 hadi 15 juu au chini. Mizani yangu ikikosea hivyo, maafisa wa Vipimo watanifungia.

Mtoto alizaliwa Pumwani, msichana, kilo 3.1. Utepe wa mkononi ulisema tu "Mtoto wa", kisha jina la mama yake. Hospitali yenyewe haina haraka na jina. Hatari ilikuja karani alipouliza jina la kuandika kwenye fomu ya taarifa ya kuzaliwa. Dada yake mke wangu, kwa furaha, akajibu kwa sauti, "Robo!" Karani akaanza na herufi ya R. Mke wangu akainuka na maumivu yake yote akasema, "Hapana, huyo ameshapimwa," kisha akalitaja jina la mama yangu, kwa mdomo wake mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu ile mimba ya kwanza. Nikampigia mama simu nikiwa kwenye korido. Aliuliza, "Nimeamkaje?" nikashindwa kujibu.

Nyumbani tulilistaafisha jina kwa makusudi. Tangu siku tuliyotoka hospitali, mimi na mke wangu hatukulitumia hata kwa utani, maana wazazi wakiteleza mtaa mzima unafuata. Waliopiga simu tuliwajibu kwa jina jipya katika sentensi ya kwanza. Shosho alitupatia mfano: alipomwona mtoto alimsalimu kwa jina lake kamili, na hajawahi kuuliza habari za Robo tena.

Aliyetushinda ni mpwa wangu wa miaka minne, anayeishi nasi. Yeye alikuwa amezungumza na Robo miezi mingi kupitia kitovu cha shangazi yake, na sasa tulimletea mtoto anayelia tukamwambia ni mtu mwingine. Alitaka kujua Robo ameenda wapi. Kumkataza kulimfanya alie, na kumwambia Robo hayupo lilikuwa jibu ambalo nyumba yetu isingeweza kulibeba. Mke wangu akampeleka kibandani, nikampandisha binti yetu kwenye mizani juu ya kitambaa safi, nikamwonyesha mpwa wangu mshale ulivyoipita robo, nusu na kilo. Nikamwambia, "Ni yuleyule. Amekua, sasa jina halimtoshi." Akafikiri. Akauliza kama jina hilo sasa anaweza kulichukua yeye.

Tulimkatalia. Akampa paka anayekaa chini ya gogo langu, na huyo ndiye Robo hadi leo. Wateja wa zamani wakiuliza, "Robo hajambo?" namwonyesha paka, kisha nawaambia jina la binti yangu.