Kijistari kidogo chini ya alama



Wengi mnanijua kama yule wa kutumiwa picha za hesabu kwa wasapu. Hapa Nakivale kitabu kimoja kinapita mikono mingi, kwa hiyo mtu anapiga picha ukurasa anaoutaka, anarudisha kitabu, kisha ananitumia. Nyingi zinakuja usiku, zimepigwa kwa mwanga wa tochi. Leo nieleze moja tu, maana ndani yake kuna mambo ambayo yanaangusha watu wetu kila mara.

Ilitoka kwa binti mmoja ambaye nyumbani kwetu ni kama mdogo wangu. Alisoma Kongo kwa Kifaransa, na kesho yake alikuwa na jaribio la kupangiwa darasa kwenye shule ya hapa, kwa Kiingereza. Ukianguka jaribio lile unarudishwa madarasa mawili nyuma, na umri unaenda. Akaandika: "Yaya, hii inanisumbua, nisaidie." Kwenye picha nikasoma hivi:

```
2x² - 3x ≥ 5
```

Kabla ya kukokotoa, swali la kwanza ni hili: je, nimesoma sawasawa? Karatasi ilikuwa na mkunjo, na ile 5 ingeweza kuwa 6. Hapo hesabu yenyewe inaweza kutoa ushahidi. Ukileta yote upande mmoja unapata 2x² − 3x − 5 ≥ 0. Waliosoma Kongo wanaijua delta: unachukua namba ya katikati unaizidisha kwa yenyewe, halafu unatoa mara 4 ya zao la namba ya kwanza na ya mwisho. Kwa 5, delta ni 9 + 40 = 49, ambayo ni 7 mara 7. Kwa 6 ingekuwa 9 + 48 = 57, na 57 haina kipeuo kizima. Vitabu vya shule kwa kawaida huanza na namba zinazotoka vizuri, kwa hiyo 5 ndiyo inayoaminika zaidi. Si hakika kabisa, lakini ni dalili nzuri.

Ila ile alama haina dalili ya namna hiyo. ≥ na > zinatofautiana kwa kijistari kimoja tu chini, na mkunjo wa karatasi unaweza kukificha, au wenyewe ukaonekana kama kijistari. Namba zote zitatoka sawa kwa alama zote mbili, hakuna hesabu itakayokuonya. Dawa ni moja: omba picha nyingine. Nikamwambia, "Nyoosha karatasi, weka tochi pembeni, si juu, halafu sogea karibu na ile alama." Akatuma tena. Kijistari kipo.

Sasa kazi. Tunaandika kwa mabano mawili yanayozidishana:

```
(2x - 5)(x + 1) ≥ 0
```

Mabano ya kwanza yanakuwa sifuri x ikiwa 2.5, ya pili x ikiwa −1. Hapa ndipo wengi wanateleza. Wanaandika tu kwamba kila mabano lazima yazidi au yalingane na sifuri, wanapata x ≥ 2.5, wanafunga daftari. Wamesahau kwamba hasi mara hasi ni chanya. Zao la namba mbili ni chanya zote mbili zikiwa chanya, na pia zote mbili zikiwa hasi. Nusu ya jibu imepotea hivi hivi.

Njia nyepesi ni kuukata mstari wa namba kwenye −1 na 2.5, ukapata vipande vitatu, halafu ukajaribu namba moja kutoka kila kipande. Kushoto tujaribu −2: mabano yanatoa −9 na −1, zao ni 9, chanya, kipande kinafaa. Katikati tujaribu 0: −5 mara 1 ni −5, hakifai. Kulia tujaribu 3: 1 mara 4 ni 4, kinafaa. Namba moja inatosha kwa kipande kizima, kwa sababu alama ya zao haiwezi kugeuka bila kupita kwanza kwenye sifuri, na sifuri zipo mbili tu. Zenyewe −1 na 2.5 zinaingia, kwa sababu ya kile kijistari.

Jibu basi ni x ≤ −1 au x ≥ 2.5. Tazama neno "au". Usiandike "na", maana hakuna namba iliyo chini ya −1 na wakati huohuo juu ya 2.5. Kwenye mstari inakuwa hivi:

```
<=======●-------------●=======>
       -1   0        2.5
```

Sehemu nene ndiyo majibu. Vidoti vimejazwa kwa sababu ncha zimo. Ingekuwa alama ni > tu, vidoti vingebaki vitupu.

Mdogo wangu alikuwa amefika mpaka hapo peke yake, kumbe! Namba zake zilikuwa sawa. Kilichomsumbua ni mchoro. Yeye alichora kama alivyofundishwa: alichora mistari ya mshazari juu ya kipande cha katikati, kuonyesha kwamba kile ndicho cha kutupa, na kwenye ncha akaweka mabano ya pembe badala ya vidoti. Rafiki yake aliyesomea hapa alipouona akamwambia amekosa yote, kwa sababu kwake sehemu iliyopakwa ndiyo jibu. Mchoro mmoja, majibu mawili yanayopingana. Hata maandishi yanatofautiana. Yeye aliandika:

```
]-∞ ; -1] ∪ [2,5 ; +∞[
```

Hapo bano lililogeuka nje linamaanisha ncha haimo. Na ile 2,5 ni mbili na nusu, lakini msahihishaji wa hapa anaweza kuisoma kama namba mbili, 2 na 5.

Nikamshauri: "Mbele ya msahihishaji wa hapa, chora mstari mnene juu ya majibu, tumia vidoti, andika nukta badala ya mkato. Halafu chini ya mchoro andika jibu kwa alama, x ≤ −1 au x ≥ 2.5, ili mchoro ukieleweka vibaya, maandishi yakutetee." Akachora upya, akanitumia picha. Safari hii hata tochi aliiweka pembeni.

Kwenu mnaosahihisha kwenye vituo: mkikuta mstari uliopakwa kinyume na mlivyozoea, angalieni kwanza mabano ya kwenye ncha. Yakiwa ya pembe, huyo mwanafunzi huenda alisoma kwa Kifaransa, na alichopaka ndicho alichokataa. Mwulizeni kabla ya kuweka mkasi.

Na kwa vijana, nawaachia hii moja: x² + 2x + 5 > 0. Tafuteni delta kwanza, mtashangaa. Wekeni mstari wenu hapo chini, na tafadhali, picha isiwe na mkunjo.