Picha ya Bi Harusi na Tovuti za Kufuta Vitu Bure



Bi harusi mmoja alikuja kupima gauni kwangu, kichwa wazi, mlango umefungwa. Mdogo wake akampiga picha. Gauni lilitoka vizuri, ila waya wa cherehani ulionekana sakafuni karibu na pindo. Akataka kuufuta kwenye tovuti ya bure. Nikamwambia asubiri kwanza.

Tovuti ile haipokei waya peke yake. Ili ifute waya, picha nzima inasafiri hadi kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua: uso, nywele, mabega, na mdogo mtu anayeonekana kwenye kioo. Kama simu yako huandika mahali picha ilipopigwa, mara nyingi na hayo yanakwenda ndani ya faili. Wakiandika kwamba picha hufutwa baada ya saa moja, hiyo ni ahadi tu, huna njia ya kuihakikisha. Ukifuta ya kwako kwenye simu, ya kwao haifutiki.

Tulitumia Snapseed, programu ya bure ya simu. Intaneti inahitajika wakati wa kuipakua tu. Tuliwasha hali ya ndege, tukazima na Wi-Fi, kisha tukafungua picha na kuchagua Healing. Ukuze picha kwa vidole viwili, upake juu ya waya kipande kidogo kidogo. Ukipaka wote kwa mara moja, sakafu inatoka na mabaka. Pale waya ulipogusa lesi, maua yalivurugika, kwa sababu programu huziba kwa kunakili sehemu za jirani, na lesi ina mpangilio wake. Tukarudisha nyuma, kipande kile tukakikata pembeni ya picha. Kwenye sakafu, ukuta au kitambaa kisicho na maua, kazi inatoka safi.

Hali ya ndege ndiyo kipimo chako kwa programu yoyote: ikikataa kufuta bila mtandao, ujue huenda picha inapelekwa nje. Lakini ikikubali, bado kuna jambo moja. Ukirudisha mtandao, Google Photos inaweza kunakili picha zote kwenye akaunti yako kama Backup imewashwa. Izime kabla, hasa kama akaunti hiyo iko pia kwenye simu ya kaka au ya mtoto.

Na yule mdogo mtu kwenye kioo? Hatukumpaka, tulimkata. Kumpaka mtu mzima huacha kivuli cha ajabu, na kukata hakuhitaji programu yoyote mpya, maana sehemu ya kukata imo kwenye simu yenyewe. Ila ile picha ya asili bado ina nywele zake, kwa hiyo tuliifuta, kisha tukaiondoa na kwenye pipa la taka la simu, ambako picha hukaa siku kadhaa.

Picha ya mwenzio ni amana, hata ukiwa ndiye uliyeipiga.