Aliacha ndizi, lehemu ikapanda

Mama mmoja wa Omurushaka, wilayani Karagwe, aliacha ndizi, ugali na maharage ili apunguze tumbo baada ya mtoto wake wa tatu kuacha kunyonya. Kwa miezi mitatu alikula nyama, mayai na mboga za samli. Sketi zikamlegea. Lakini kipimo cha damu kilionyesha lehemu mbaya, yaani LDL, imepanda kutoka 2.8 hadi milimoli 6.1 kwa lita.

Hakuwa mnene tangu mwanzo, na huenda hiyo ndiyo sababu. Mwili ukikosa wanga huchoma mafuta. Watafiti wanadhani kwamba kwa mtu mwembamba, ini husafirisha mafuta mengi zaidi kwenye damu yakiwa katika vifurushi vidogo. Vifurushi vikishatua mzigo, vingi hugeuka LDL. Samli nayo hupunguza uwezo wa ini kuiondoa.

LDL kubwa haiumi popote. Kwa hiyo anayetaka kuanza mlo huu apime lehemu kwanza, kisha arudie baada ya miezi miwili au mitatu. Ikifika 4.9 amwone daktari, hata kama uzito umepungua vizuri.

Mama huyu alirudisha ndizi chache na maharage, akapikia mafuta ya alizeti badala ya samli. Baada ya wiki nane LDL ilishuka hadi 3.2. Isingeshuka, daktari angetafuta sababu nyingine, kama ugonjwa wa tezi ya shingo au lehemu ya kurithi, ambayo huwapata hata watoto.