Mrithi wa Matangi

Ukitaja neno "mrithi" huku Kirinyaga, watu wanafikiria shamba. Wanafikiria ndugu wawili wasiosalimiana na kesi iliyokaa kortini miaka tisa. Kwa hivyo chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, juu kidogo ya mji wa Sagana, kiliponipa kazi ya kuandika mpango wa kurithishana nafasi katika kiwanda chao, nilijua neno hilo litanisumbua kabla sijaandika mstari wa kwanza.

Mimi ni mwandishi wa vibarua. Chuo niliacha mwaka wa tatu, karo ilipokataa kabisa. Tangu hapo naandika chochote kinacholipwa: ripoti, maombi ya ufadhili, hotuba za harusi. Kamati ya chama ilitaka hati yenye mambo matatu: nafasi zipi haziwezi kukaa bila mtu, nani yuko tayari kuzishika, na kila mmoja afanye nini ndiyo afike hapo.

Orodha niliyopewa ilikuwa na majina kumi na moja, ikianza na mwenyekiti, akafuata meneja. Mwenyekiti nilimtoa siku hiyo hiyo. Nafasi yake hutokana na uchaguzi, na hakuna hati inayoweza kuwachagulia wakulima mtu wao. Wengine wote niliwauliza maswali matatu: Usipokuja kesho, ni nini kitasimama, na baada ya saa ngapi? Kumfundisha mtu mwingine kazi yako kunachukua muda gani? Na hapa kiwandani, ni nani mwingine anayeiweza?

Majibu yaliipindua orodha. Meneja aliwahi kuugua wiki mbili. Barua zilichelewa, lakini kahawa iliendelea. Mzee wa matangi, ambaye jina lake lilikuwa la tisa, hakuwahi kukosa siku hata moja ya msimu. Hapo ndipo niliona penye hatari.

Kazi yake iko hivi. Matunda mekundu yanaletwa mchana na kumenywa siku hiyo hiyo. Buni zinatoka zikiwa na ute, zinaingia tangini zichachuke mpaka ute ulegee, kisha zinaoshwa na kuanikwa mezani. Swali ni moja tu: zimefika? Saa haiwezi kulijibu, kwa sababu usiku wa baridi huchelewesha na usiku wa joto huharakisha. Mzee anachota konzi, anazisugua kiganjani. Zikiteleza, bado. Zikikwaruzana kama changarawe, tayari. Ukiosha mapema, ute uliobaki unachelewesha kukauka na kuleta ukungu. Ukichelewa, buni zinapata harufu ya uchachu mbaya, na chache tu zilizooza zinaweza kuharibu kikombe kizima. Siku za kilele kiwanda hupokea kama tani saba za matunda. Huhitaji takriban kilo saba za matunda kupata kilo moja ya kahawa safi, kwa hivyo uamuzi mmoja mbaya usiku mmoja ni karibu tani moja ya kahawa ya watu, na mkulima atauona kwenye malipo miezi kadhaa baadaye.

Mzee ana miaka 58. Mkataba wa chama unamstaafisha akifika 60.

Mifano mingi ya hati hizi hupanga warithi kwa muda: yuko tayari sasa, atakuwa tayari baada ya mwaka mmoja au miwili, au mitatu hadi mitano. Kwa meneja hiyo inatosha. Kwa matangi, miezi inadanganya. Kazi hii hufundishika wakati kuna kahawa tangini pekee, na mavuno makuu huku ni kama Oktoba hadi Desemba, pamoja na mavuno madogo katikati ya mwaka. Kwa hivyo miaka miwili ya mzee haikuwa miezi 24. Ilikuwa misimu mikuu miwili. Niliifuta safu ya miezi nikaandika misimu.

Kisha ikaja safu ya mrithi. Meneja alikuwa na jina tayari: kijana mwenye diploma, mpole, anayeshika rekodi za stoo. "Huyu ana karatasi," aliniambia. Nilienda kumuuliza mzee, lakini kwanza hakutaka kuongea. Alikuwa amesikia "mrithi," akaelewa kwamba anafukuzwa. Nilimsomea tarehe yake ya kustaafu na mstari unaosema atalipwa hadi siku hiyo, na posho juu yake kwa kufundisha. Alinyamaza, halafu akasema, "Mwulize yule mama wa meza namba nne."

Mama huyo huanika na kuchagua buni. Shule aliishia darasa la nane. Mzee akienda kula, yeye ndiye hutazama matangi, na hakuna karatasi yoyote iliyowahi kuandika hivyo. Fomu ya kamati ilikuwa na safu ya "sifa," ikiomba cheti. Siwezi kukuficha kwamba safu ile ilinigusa, mimi ambaye fomu nyingi huniona nusu mtu. Lakini hasira yangu isingekuwa ushahidi. Na neno la mzee pia halikutosha, kwa sababu mtu anaweza kumpendekeza jirani yake.

Basi tulipendekeza kipimo, kwake na kwa kijana pia. Katika mavuno madogo, kila tangi likikaribia, kila mmoja anaandika saa anayoamini zimefika, kabla mzee hajasema yake. Karani anakusanya karatasi. Baada ya matangi ishirini, mama alikuwa ametofautiana na mzee kwa zaidi ya saa moja mara mbili tu. Kijana, mara kumi na moja. Niliandika: mama, tayari baada ya msimu mkuu mmoja, kijana, baada ya miwili. Kijana mwenyewe alitaka abaki kwenye orodha, na ni sawa. Nafasi yenye mrithi mmoja tu inamhamisha mtegemewa. Hatari inabaki pale pale.

Hatua nazo ziliandikwa kama kazi. "Apate mafunzo" ni maneno yasiyoonyesha nani afanye nini lini. Oktoba: mama aamue peke yake matangi ya daraja la tatu, ambako hasara ni ndogo, mzee akikagua baada ya uamuzi. Novemba mapema: daraja la kwanza, vivyo hivyo. Gharama iliandikwa pia: mtu wa kushika meza namba nne kwa majuma kumi. Bila mstari huo mama angebaki mezani, na mpango ungebaki kwenye faili.

Hatua ya mwisho ndiyo iliyobishaniwa zaidi. Mzee aende likizo wiki ya tatu ya Novemba, kilele chenyewe, simu izimwe. Mweka hazina alisema ni wazimu. Nilimjibu kwamba wiki hiyo itakuja tu, mzee akiwa amestaafu au amelazwa, na ni afadhali ije tukiwa tunaweza kumfuata nyumbani.

Walipiga kura, ikapita kwa sauti moja zaidi. Safu ya cheti haikufutwa. Waliongeza neno "au" na safu ya matangi ishirini. Mzee alitia sahihi wa mwisho, akarudisha kalamu, akauliza kama kuna mtu anajua watu huenda wapi likizo mwezi wa Novemba.